Siku ya Mafunzo ya Watumishi wa Zahanati: Inavyoandaliwa Bila Kusimamisha Huduma

Wananchi wanaofika zahanati na kuambiwa kwamba mhudumu "yupo semina" wana haki ya kufahamu semina hizo hupangwaje, na ni nani anayebaki zamu wakati wenzake wakijifunza. Makala haya yanaeleza maandalizi ya siku moja ya mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua anapozaliwa. Mtoto wa namna hiyo anapaswa kuanza kupumulishwa ndani ya dakika moja, ambayo wahudumu huiita dakika ya dhahabu.

Chukulia zahanati sita, kila moja ikiwa na watumishi wawili wenye ujuzi wa kuzalisha. Wote kumi na wawili wanahitaji mafunzo. Wakiitwa siku moja, vyumba sita vya kujifungulia vitabaki bila mtu. Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza kuamuliwa si ukumbi wala mkufunzi, bali ni nani ataruhusiwa kuondoka na lini. Jibu ni awamu mbili: mtumishi mmoja kutoka kila zahanati huhudhuria Jumanne, na mwenzake huhudhuria Jumanne ya wiki inayofuata.

Barua ya kuomba ruhusa hupelekwa kwa Mganga Mfawidhi wa kila zahanati kabla ratiba ya zamu ya mwezi haijapangwa. Barua iliyoandaliwa vizuri huwa na nafasi mbili za kujazwa: jina la anayekwenda na jina la anayebaki. Anayebaki asiwe ametoka zamu ya usiku, kwa kuwa atahudumu peke yake mpaka mwenzake arejee. Barua zikisharudi, Mganga Mkuu wa Wilaya huzilinganisha na ratiba za zamu ndipo atoe kibali; fedha za nauli na chakula huidhinishwa na Mkurugenzi Mtendaji. Barua ikifika jana yake, Mganga Mfawidhi humtuma yeyote asiye na kazi siku hiyo, hata kama hazalishi. Kosa hili hugundulika kwa urahisi: majina katika orodha ya mahudhurio hayaonekani katika zamu za chumba cha kujifungulia.

Uamuzi huo wa awamu ndio unaorahisisha mengine. Katika mafunzo haya mkufunzi mmoja hufundisha watu wasiozidi sita, kwa kuwa ni lazima aone mikono ya kila mmoja ikifanya kazi. Kwa watu sita kwa siku, mkufunzi mmoja anatosha; kwa kumi na wawili wangehitajika wawili. Achaguliwe mkunga au muuguzi ambaye bado anazalisha, si msomaji wa maelezo tu.

Vifaa navyo hufuata hesabu hiyohiyo. Wanafunzi hufanya mazoezi wawiliwawili, mmoja akipumulisha na mwingine akiangalia hatua. Kwa hiyo watu sita huhitaji wanasesere watatu wa mafunzo. Kila jozi hupewa pia mfuko wa kupumulisha wenye barakoa, kifaa cha kufyonza ute, na vitambaa viwili, kimoja cha kumkausha mtoto na kingine cha kumfunika. Vifaa vikaguliwe siku moja kabla. Barakoa ikipasuka huvujisha hewa, kifua cha mwanasesere hakiinuki, na mwanafunzi hudhani kosa ni lake.

Kwa ukumbi, chumba cha mikutano cha kituo cha afya kilicho karibu na barabara ya magari hutosha. Kinachotakiwa ni meza tatu imara, mwanga wa kutosha na utulivu wa kusikilizana. Ukumbi wa mbali hulazimu watumishi kulala njiani, na hapo siku moja ya ruhusa hugeuka kuwa tatu.

Mafunzo ya siku moja yana mpaka wake. Utafiti wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba baada ya siku moja wahudumu walifanya vizuri zaidi katika mazoezi kwa wanasesere, lakini utendaji wao kwa watoto wenyewe haukubadilika. Baadaye hospitali hiyo iliingiza mazoezi mafupi ya mara kwa mara kazini, na vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikapungua. Kwa hiyo mpango wa siku ya mafunzo haukamiliki mpaka ueleze wanasesere watazungukaje katika zahanati baada ya siku hiyo, na nani atasimamia mazoezi.

Tarehe za awamu zote mbili zibandikwe katika ubao wa matangazo wa zahanati na ofisi ya kijiji, pamoja na jina la mhudumu atakayebaki zamu. Mama mjamzito aliyekaribia kujifungua anapaswa kulikuta jina hilo ubaoni, na mwenye jina kumkuta kazini.