Hamri moja, kalori ngapi?

Wifi yangu aliyeko Mombasa alinitumia picha tatu za skrini usiku mmoja. Ya kwanza ilikuwa upishi wa mahamri ambao shangazi yake aliwaandikia kwenye kundi la familia. Ya pili ilikuwa mgongo wa pakiti ya unga wa ngano, na ya tatu ubavu wa kopo la tui lililotoka nje. Chini yake akaandika: “Wifi, Jumapili nina wageni 20, kila mmoja namhesabia mahamri matatu. Na mzee kaambiwa na daktari ahesabu kalori. Nipigie hesabu, shangazi kaandika ya 24 tu.”

Upishi wenyewe ulikuwa mfupi: unga vikombe 4, sukari nusu kikombe, hamira vijiko 2 vya chai, tui zito kikombe kimoja na robo, iliki, mafuta ya kukaangia. Hutoa mahamri 24.

Kuzidisha hakukuwa na tabu. Wageni 20 kwa mahamri matatu ni 60, na 60 ukigawa kwa 24 unapata 2.5. Kila kitu mara mbili na nusu. Tabu ilikuwa kwamba zile picha tatu zilizungumza kwa vipimo vitatu tofauti. Shangazi alipima kwa vikombe, pakiti ya unga ilihesabu kwa gramu 100, na kopo la tui lilihesabu kwa mililita 80. Ukijumlisha hivyo hivyo unapata namba isiyo na maana. Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kuvirudisha vyote kwenye mizani.

Nilimwomba achote unga kwa kikombe kile kile anachotumia siku zote, akate juu kwa kisu, kisha aupime. Kikombe kimoja kilitoa gramu 125, hivyo vinne ni gramu 500. Akajaribu tena kwa kukizamisha kikombe ndani ya pakiti na kuushindilia unga, mizani ikasoma 150. Kikombe kilikuwa kile kile, mkono ndio uliobadilika. Kwa vikombe vinne tofauti hiyo ni gramu 100 za unga, yaani karibu kalori 350, na kinyunya pia kinakuwa kigumu. Nusu kikombe cha sukari kilikuwa gramu 100, tui mililita 300, na hamira gramu 7.

Sasa lebo. Pakiti ya unga ilisema, kwa kila gramu 100: nishati 1464 kJ, 350 kcal, protini gramu 10, wanga gramu 75, mafuta gramu 1.1. Namba mbili za nishati zinasema jambo moja kwa vipimo viwili, kwani kilokalori moja ni sawa na kilojuli 4.184. Tunachokiita kalori mezani ni ile kcal. Anayechukua 1464 akadhani ndiyo kalori atakuwa ameuzidisha unga wake zaidi ya mara nne.

Lebo ina njia ya kujikagua yenyewe. Mkemia Mmarekani Wilbur Atwater, aliyefariki mwaka 1907, alituachia kanuni ambayo lebo za vyakula bado zinaifuata: gramu moja ya protini hutoa kalori 4, ya wanga 4, na ya mafuta 9. Tuijaribu kwenye unga: protini 10 mara 4 ni 40, wanga 75 mara 4 ni 300, mafuta 1.1 mara 9 ni karibu 10. Jumla ni 350, sawasawa na pakiti. Ukaguzi huu unafaa sana kwa picha za skrini, maana nukta ndogo hupotea kwenye picha yenye ukungu. Kama 1.1 ingesomeka 11, jumla ingepanda hadi 439, na ungejua papo hapo kwamba umesoma vibaya. Hesabu ikipishana na lebo kwa kalori chache usiwe na wasiwasi, kwani nyuzinyuzi hutoa nishati pungufu na watengenezaji hukadiria namba zao. Ikipishana kwa makumi, rudi kwenye picha.

Kopo la tui ndilo lililomtega wifi. Lilikuwa na lebo ya Kimarekani, na herufi kubwa kuliko zote zilisema “Calories 140”. Alikuwa ameshaandika: tui, 140. Lakini picha aliyonitumia ilikatwa juu. Nilimwomba apige tena kopo zima, na hapo ukatokea mstari mdogo: “Serving size 80 mL”, na juu yake kwamba kopo lina sehemu tano hivi. Lebo za Kimarekani huhesabu kwa sehemu moja ya kula, si kwa gramu 100. Kalori 140 ni za mililita 80, na kopo la mililita 400 lina 700. Hata bila ule mstari, tui zito lenyewe lingetusuta. Lebo iliandika mafuta gramu 14. Kama hayo yangekuwa mafuta ya kopo zima la mililita 400, lile lingekuwa maji meupe tu, si tui la kukandia.

Mililita 300 tulizohitaji ni sehemu tatu na robo tatu za mililita 80. Ukizidisha kwa 140 unapata 525. Hesabu ya kinyunya cha mahamri 24 ikawa hivi:

Unga gramu 500: kalori 1750
Sukari gramu 100: kalori 400
Tui mililita 300: kalori 525
Hamira gramu 7: kalori 20 hivi
Jumla: kalori 2695

Iliki haina uzito wa kuhesabika. Ukigawa kwa 24, kila hamri lina kalori 112. Wifi akafurahi, akaniambia mzee atapata matatu bila kinyongo. Nikamwambia asubiri kidogo, maana hicho tulichokihesabu ni kinyunya kibichi. Hakuna aliyewahi kula kinyunya.

Mafuta ya kukaangia ndiyo sehemu ambayo hakuna picha inayoweza kukujibu. Shangazi hakuandika kiasi, naye hakukosea, kwa sababu mafuta ya kwenye karai si mafuta ya kwenye hamri. Ukihesabu lita nzima utamtia mzee hofu bure, na usipohesabu chochote utamdanganya. Wengine hupima hamri kabla na baada ya kukaanga wakidhani tofauti ndiyo mafuta. Haiwi, kwa sababu hamri likiwa kwenye karai hupoteza maji kwa mvuke wakati huo huo linakunywa mafuta, na mizani inakuonyesha yote mawili yakiwa yamechanganyika.

Njia ya kuaminika ni kupima mafuta yenyewe. Jumamosi wifi alikaanga mahamri 24 ya majaribio. Alipima karai likiwa na mafuta kabla ya kuliweka motoni, akakaanga yote, akayaacha mafuta yapoe kabisa, kisha akalipima tena. Karatasi aliyotandaza mahamri juu yake aliipima pia kabla na baada, akaondoa mafuta yaliyobaki humo. Mwisho wa yote zilikosekana gramu 140.

Mafuta ni mafuta matupu, kwa hiyo gramu moja ni kalori 9, na gramu 140 ni 1260. Hapa pana mtego mmoja wa lebo. Baadhi ya chupa huandika kalori kwa mililita 100, nyingine kwa gramu 100, na kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji, namba hizo ni karibu 828 na 900. Ukipima kwa mizani, tumia ya gramu.

Ongeza 1260 kwenye 2695 upate 3955. Gawa kwa 24: hamri moja ni kalori 165. Kalori 53 kati ya hizo, karibu theluthi moja, hazikuwamo kwenye picha yoyote. Mahamri matatu ya mzee yalikuwa 495, si 336.

Kisha tukarudi kwenye kuzidisha. Unga ukawa gramu 1250, sukari gramu 250, tui mililita 750. Kalori za hamri moja hazibadiliki kwa kuongeza kinyunya, mradi ukubwa ubaki ule ule. Ndiyo maana nilimwambia baada ya kukanda apime kinyunya chote, agawe kwa 60, na apime madonge machache ya mwanzo ili mkono ushike kipimo. Kinyunya kile kinafika gramu 2260 hivi, yaani gramu 38 kwa hamri moja. Mkono ukiwa mwepesi wa kukata makubwa akatoa 50 badala ya 60, kila moja litakaribia kalori 200, na hesabu yote ya mzee imeharibika kwenye ubao wa kusukumia.

Makopo mawili ya tui yana mililita 800, na wifi alitaka kuyamaliza. Kwa kalori, zile mililita 50 za ziada ni karibu 88 zilizogawanywa kwa mahamri 60, si kitu. Kwa kinyunya ni jambo jingine, kwani kinakuwa laini na kunata. Akazibakisha kwa mchuzi.

Hamira kwa hesabu ni gramu 17 na nusu, lakini nilimshauri aanze na 14. Kukaanga mahamri 60 kunachukua muda mrefu kuliko 24, na yale ya mwisho yanaendelea kuumuka yakikusubiri. Hamri lililoumuka kupita kiasi linanywea ukiligusa na halifuri vizuri kwenye mafuta. Iliki aliiongeza mara mbili tu, akanusa. Mafuta ya karai hayazidishwi kwa 2.5: kina cha karai ndicho kinachoamua, na unaongeza kadiri yanavyopungua. Yanayoingia kwenye mahamri ndiyo yanayozidi, kutoka gramu 140 hadi kama 350. Kwa hiyo lita moja ya kuanzia na nusu lita ya akiba zilimtosha.

Namba ya 165 si ya kuapia. Mafuta yasiyopata moto wa kutosha hufanya hamri likae sana kwenye karai na kunywa zaidi, na unga wa kampuni nyingine una lebo nyingine. Anayetumia tui la kukuna mwenyewe hana kopo la kusoma. Huyo atazame majedwali ya lishe ya vyakula, ya Tanzania ya mwaka 2008 au ya Kenya ya mwaka 2018, akijua kwamba tui la kwanza na la pili si kitu kimoja. Mimi humwambia mtu aandike “kati ya 155 na 175”, naye atakuwa karibu na ukweli kuliko anayeandika 164.8.

Ukitumiwa picha za namna hii, kabla ya kuzidisha chochote tafuta mstari mdogo unaosema namba ni za kiasi gani. Kama umekatwa, omba picha nyingine. Na kama chakula kinakaangwa, pima karai.