Inhela ya Bluu Hailegezi Bitana

Nyumba nyingi zenye mgonjwa wa pumu huijua vizuri inhela ya bluu. Kifua kikibana mgonjwa huvuta mara mbili, na baada ya dakika tano hivi pumzi inafunguka, naye anarudi kwenye shughuli zake. Usiku huohuo, au kesho yake, kifua kinabana tena. Hapo ndipo utasikia watu wakisema dawa imezoeleka mwilini, au duka limeuza dawa hafifu. Mara nyingi si hivyo. Dawa imefanya kazi yake yote iliyotengenezewa, lakini kazi hiyo inahusu jambo moja tu kati ya matatu yanayoziba njia ya hewa ya mtu mwenye pumu. Hayo mawili mengine yameachwa kama yalivyokuwa.

Ili kuyaona yote matatu, fikiria jaketi zito la baridi, lile la kuvaa Njombe au Limuru mwezi wa Julai. Mkono wa jaketi hilo una bitana nene ya pamba kwa ndani. Kwa nje, chini ya kitambaa cha juu, fundi ameuzungushia lastiki tangu begani hadi kiganjani. Mkono wako unaoingia na kutoka humo ndio hewa. Siku ya kawaida lastiki imelegea, bitana ni kavu na mkono unapita bila wewe kufikiri. Sasa fundi akaze lastiki. Kisha bitana ilowe maji, pamba ivimbe kuelekea ndani. Halafu mtu amwagie humo uji mzito unaonata. Kila jambo peke yake lingekusumbua kidogo, ila yakikutana yote matatu mkono hautapita.

Njia za hewa mwilini zimejengwa kwa mpangilio huohuo. Koromeo la hewa likishafika kifuani hugawanyika mara mbili, kila tawi nalo hugawanyika tena, na mgawanyiko huo huendelea kama mara 23 hadi kwenye vifuko vidogo ambamo oksijeni huingia kwenye damu. Mirija mikubwa ya juu ina gegedu ngumu inayoishikilia wazi. Mirija midogo ya chini haina gegedu hiyo. Imezungukwa na misuli laini, ambayo ndiyo lastiki yetu. Ndani yake kuna utando wenye mishipa myembamba ya damu, nao ndio bitana. Katika utando huo zimo seli zinazotoa ute. Kwa mtu mzima wa afya ute huo ni mwepesi: hunasa vumbi, husukumwa juu na vinyweleo vidogo mno, na tunaumeza kutwa nzima bila kujua.

Ipo hesabu moja ya fizikia inayoeleza kwa nini uvimbe mdogo huleta taabu kubwa. Kipenyo cha mrija kikipungua kwa nusu, ugumu wa kupitisha hewa tulivu hauongezeki mara mbili. Huongezeka mara 16. Hesabu hiyo hufanya kazi pia kinyume chake: ukiupanua mrija kidogo tu, mgonjwa hupata nafuu kubwa sana. Kwa sababu hiyo inhela ya bluu huonekana kama imemaliza tatizo hata pale ambapo bitana bado imelowa chepechepe.

Tumfuate kijana wa miaka 14 mwenye pumu, Jumamosi jioni. Mama yake amemwomba amsaidie kukung'uta godoro la zamani lililokuwa stoo. Ndani ya godoro kama hilo huishi utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho, wanaokula magamba ya ngozi yanayotudondoka. Kinyesi chao hukauka na kupeperuka na vumbi. Mwili wa kijana huyu ulishajifunza zamani kukiona kinyesi hicho kama adui, ukatengeneza kingamwili maalumu dhidi yake. Kingamwili hizo zimekaa juu ya seli za ulinzi zilizotapakaa kwenye bitana ya mapafu, zikisubiri.

Saa moja jioni vumbi linaingia. Ndani ya dakika chache seli zile zinapasua vifuko vyao na kumwaga histamini na kemikali nyingine kali. Misuli inajikaza. Mishipa ya damu inavuja maji kwenye utando. Kijana anakohoa, kifua kinapiga mluzi. Anavuta inhela ya bluu yenye salbutamoli, dawa iliyoanza kutumika mwaka 1969 na ambayo bado ni nzuri kwa kazi yake. Salbutamoli huenda moja kwa moja kwenye misuli na kuiamuru ilegee. Kufikia saa mbili kifua kimetulia, na saa nne kijana amelala.

Lakini jambo halijaisha. Kemikali zilizomwagwa jioni zilikuwa pia wito. Ziliita kutoka kwenye damu chembe nyeupe ziitwazo eosinofili, ambazo huchukua saa kadhaa kufika na kujikusanya. Wimbi hili la pili kwa kawaida huanza saa tatu au nne baada ya vumbi kuvutwa, na linaweza kuendelea hadi saa 12. Eosinofili humwaga protini zenye sumu zinazochubua utando. Bitana inavimba zaidi, vinyweleo vya kusafisha vinaharibika, na seli za ute zinazalisha kupita kiasi. Ute wenyewe sasa umechanganyika na mabaki ya seli zilizokufa, umekuwa mzito na unanata. Saa nane usiku kijana anaamka akitweta. Anavuta inhela ileile, na safari hii nafuu ni ndogo na haidumu, maana lastiki si tatizo kuu tena.

Tazama anavyopumua. Wengi hudhani mgonjwa wa pumu anashindwa kuvuta hewa ndani, kumbe ugumu mkubwa uko kwenye kuitoa. Tunapovuta pumzi mapafu hutanuka na kuivuta mirija iwe wazi zaidi. Tunapoitoa mapafu husinyaa na mirija husinyaa nayo. Mrija uliokwisha kubanwa huzibika hasa wakati huo, ndiyo maana mluzi husikika zaidi pumzi ikitoka. Hewa huingia kiasi lakini haitoki yote. Pumzi inayofuata hurundikwa juu ya ile iliyobaki, kifua kinajaa na kunyanyuka. Mgonjwa anahisi hewa haiingii kwa sababu ndani tayari imejaa.

Familia inahitaji kujua jambo hili mapema kuliko mengine yote: mluzi ukitoweka huku mgonjwa bado anahangaika, si dalili ya kupona. Ni kwamba hewa inayopita imekuwa kidogo mno hata haiwezi kutoa sauti. Kifua kimya, midomo ya rangi ya buluu au kijivu, ngozi inayobonyea katikati ya mbavu, mtu asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja: yeyote kati ya hao ni wa kupelekwa hospitali dakika hiyohiyo, akiendelea kuvutishwa dawa njiani. Madaktari wanaochunguza mapafu ya watu waliokufa kwa pumu mara nyingi hukuta mapafu yaliyofura hewa na mirija iliyozibwa na vizibo vya ute mgumu. Hakuna dawa ya kulegeza misuli inayoweza kuondoa kizibo cha namna hiyo.

Bitana inakaushwa na dawa ya aina nyingine, steroidi ya kuvuta. Iliyoenea zaidi kwetu ni beklometasoni, iliyoingia sokoni mwaka 1972, na inhela yake mara nyingi ni ya rangi ya kahawia, ingawa rangi hutofautiana kati ya kampuni na ni salama zaidi kusoma jina. Dawa hii huzuia seli kutengeneza zile kemikali za wito, na hupunguza eosinofili na ute. Haina nafuu ya dakika tano. Huhitaji siku kadhaa hadi wiki, tena kwa kutumiwa kila siku, hata siku ambazo kifua ni shwari. Mgonjwa anaijaribu usiku wa shambulio, haoni kitu, anaiweka kabatini. Naona hapa ndipo tunapowapoteza wagonjwa wengi: tunawakabidhi dawa bila kuwaeleza kwamba inafanya kazi polepole, nao wanaipima kwa kipimo cha ile ya bluu.

Hofu nyingine ni neno steroidi lenyewe. Wazazi wamesikia habari za uso kuvimba na mifupa kudhoofika. Madhara hayo yapo kwa vidonge vinavyotumiwa muda mrefu, na hofu yao ina msingi. Lakini pima kiasi. Dozi ya mikrogramu 200 kwa siku ni ya kawaida kwa anayeanza kuvuta. Kidonge kimoja cha prednisoloni cha miligramu 5 kina mikrogramu 5,000, yaani mara 25, nacho hupita mwili mzima wakati ile ya kuvuta hutua zaidi kwenye bitana yenyewe. Usumbufu wa kawaida ni utando mweupe mdomoni au sauti kukwaruza. Kusukutua kwa maji na kutema baada ya kila dozi hupunguza sana tatizo hilo.

Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, ulibadilika: haushauri tena vijana na watu wazima kutibiwa kwa dawa ya kulegeza misuli peke yake. Hata wenye dalili chache wanatakiwa wapate na steroidi ya kuvuta, iwe kwenye inhela yake au kwenye inhela moja yenye dawa zote mbili.

Dawa yenyewe nayo lazima ifike. Ukipuliza inhela moja kwa moja kinywani, sehemu kubwa hugonga nyuma ya koo na kuishia tumboni. Kifaa cha kati kinachoshika ukungu wa dawa hurekebisha hilo, na kisipopatikana, chupa ya plastiki inasaidia. Watafiti wa Cape Town wakiongozwa na Heather Zar walionyesha mwaka 1999 kwamba kwa watoto wenye shambulio, chupa ya kawaida ya mililita 500 ilifanya kazi sawa na kifaa cha kiwandani. Kitako cha chupa kilitobolewa tundu lenye umbo la mdomo wa inhela, na maungio yakazibwa hewa isivuje. Puliza mara moja, mgonjwa apumue taratibu mara kadhaa kupitia mdomo wa chupa, ndipo upulize tena.

Kuna namna rahisi ya kujua kama bitana ya mgonjwa wako imeachwa bila matibabu. Inhela moja ya bluu kwa kawaida ina mipulizo 200. Anayemaliza inhela tatu au zaidi kwa mwaka yuko katika hatari kubwa zaidi ya shambulio kali, hata kama kila mpulizo ulimpa nafuu. Hesabu makopo yaliyoisha tangu Januari. Kama yamefika matatu, yachukue uende nayo kliniki, umwulize mhudumu kuhusu steroidi ya kuvuta, na ile ya bluu iendelee kukaa mfukoni kwa dharura.