Basi la saa 12 asubuhi: kazi yote iishe usiku

Kila Desemba familia nyingi za Dar es Salaam hufunga nyumba na kupanda mabasi kwenda Kilimanjaro kula sikukuu. Mabasi ya asubuhi huondoka Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, na safari ya kwenda Moshi ni zaidi ya kilomita 500, kupitia Chalinze, Korogwe na Same. Aliye peke yake anaweza kuamka, akanawa uso na kuondoka. Wenye watoto watatu hawawezi, kwa sababu alfajiri akili bado imelala na kila jambo linalohitaji kufikiriwa huchukua muda mara mbili. Kwa hiyo yote yanayohitaji uamuzi yaishe usiku, alfajiri ibaki mikono tu.

Tuchukue familia inayokaa Tabata: baba, mama, binti wa darasa la sita, mvulana wa darasa la kwanza na mdogo wa miaka miwili. Basi linaondoka saa 12:00 asubuhi. Mpango wao unaanza kwenye saa hiyo na kurudi nyuma. Wanataka wawe kituoni saa 11:15, maana kuna kulitafuta basi, kupakia mizigo na kuwapeleka watoto chooni. Barabara ikiwa tupu wanaweza kufika mapema zaidi, lakini wanaitengea njia dakika 45, hivyo gari liondoke nyumbani saa 10:30. Kupakia ni robo saa, basi dereva awe mlangoni saa 10:15. Watoto wakubwa waamshwe saa 9:50, na wazazi waamke saa 9:15.

Hapa kuna mtego wa saa. Tiketi ikiandikwa 06:00, hiyo ni saa 12 asubuhi. Kengele ya simu ya saa 9:15 usiku huwekwa 03:15, tena kwenye simu mbili, kila moja kwa mzazi wake. Tarehe nayo isomwe kwa sauti, kwa sababu basi la Ijumaa alfajiri linaamkiwa usiku wa Alhamisi. Wapo waliofika kituoni siku imeshapita.

Mizigo igawanywe kwa jinsi itakavyohitajika njiani. Kundi la kwanza ni la buti: mabegi mawili makubwa ya nguo na boksi la zawadi za nyumbani. Buti likishafungwa, hesabu kwamba hutaligusa tena mpaka Moshi. Kwa hiyo pampasi, dawa, sweta na maziwa ya mtoto visiwekwe humo hata kama nafasi ipo.

Kundi la pili ni begi la miguuni, linaloingia ndani ya basi. Humo mna pampasi sita, taulo ndogo yenye maji, nguo kamili moja ya kubadilisha kwa kila mtoto, sweta, maji ya kunywa na chakula. Chakula kiwe kikavu: chapati, mkate, karanga, ndizi. Wali, nyama ya mchuzi au maharage yaliyopikwa jioni yatakuwa yamekaa kwenye joto saa nyingi kabla ya kuliwa, na tumbo la mtoto ndilo la kwanza kulalamika. Weka pia kopo tupu lenye mfuniko unaobana, kwa ajili ya mtoto anayetapika. Likitumika linafungwa, harufu haisambai, na basi likisimama watu wachimbe dawa, linamwagwa na kusuuzwa.

Kundi la tatu ni kipochi cha mwilini: tiketi, vitambulisho, kadi za bima, fedha taslimu na simu. Hiki hakiwekwi chini wala kwenye kiti.

Sasa, nani anafanya nini? Kanuni ya familia hii ni kwamba anayembeba mdogo habebi kipochi na hafungi mlango. Mama anashika mdogo, begi la miguuni na dawa. Baba anashika kipochi, mizigo ya buti, dereva na nyumba. Binti mkubwa anamshika mkono mdogo wake wa darasa la kwanza tangu mlangoni hadi kwenye kiti, na ndiye anayehesabu mizigo: mabegi mawili, boksi moja, begi la miguuni. Anahesabu mara tatu, wakati wa kupakia garini, kushuka kituoni na kuingia buti. Kazi hiyo mtoto wa darasa la sita anaiweza vizuri, maana yeye hana kingine cha kufikiria.

Usiku wenyewe unaanza mapema. Chapati zipikwe saa 11 jioni, zipoe kabisa kabla ya kufungwa, la sivyo zitatoa jasho na kuharibika. Saa 1:00 watoto wanaoga, wanakula na kuvaa nguo za safari, walale nazo. Fulana na suruali laini hazimsumbui mtoto usingizini, na alfajiri kinachobaki ni viatu, ambavyo vimepangwa mlangoni. Saa 2:00 wamelala. Saa hiyo hiyo baba anampigia dereva kuthibitisha, na anahifadhi namba ya dereva wa pili. Bajaji haitoshi kwa watu watano na mizigo, hivyo wakubaliane mapema kwamba linakuja gari.

Saa 3:00 usiku mabegi yafungwe. Kama begi bado liko wazi saa hiyo, tatizo ni wingi wa vitu: punguza, funga, lala. Kabla ya kulala baba anafunga gesi kwenye mtungi na kukagua bomba moja moja. Maji yakiwa yamekatika, bomba lililoachwa wazi litafurika yakirudi na hakuna mtu ndani. Nyama inatolewa kwenye friji, taka zinatupwa, ufunguo wa akiba unapelekwa kwa jirani. Simu zinachajiwa mapema, kwa sababu umeme unaweza kukatika usiku.

Alfajiri sasa ni fupi. Saa 9:15 wazazi wanaamka, wanavaa, na baba anampigia dereva. Asipopokea mpaka saa 9:45, anaitwa wa pili bila kungoja zaidi. Saa 9:50 wakubwa wanaamshwa, wanakwenda chooni na kuvaa viatu. Mdogo anabadilishwa pampasi saa 10:10 na kubebwa akiwa bado na usingizi. Chai nzito na maziwa havitolewi saa hii. Mtoto anayetapika apewe kipande kidogo cha mkate tu, na kama daktari au mfamasia amemwandikia dawa ya kichefuchefu, impate kwa muda alioelekezwa kabla gari halijaondoka. Kituoni, wakishakaa, ndipo wanakula kidogo kidogo. Mtoto huyo akae dirishani viti vya mbele, atazame mbali barabarani, asitazame simu.

Saa 10:30 mama na watoto wako garini, baba anafunga mlango na kuutikisa kwa mkono.

Usiku mmoja kabla ya safari yako, chukua karatasi, andika saa ya basi chini kabisa, kisha panda nayo kwenda juu mpaka saa ya kuamka. Kila mstari uwe na jina la mtu mmoja. Mstari wenye majina mawili hauna mwenyewe, na jambo hilo ndilo litakalosahaulika.