Bei ya Rasta: Mstari kwa Mstari

Bumu likiingia tu, hosteli nzima inataka kusuka. Mimi nasukia chumbani tangu mwaka wa kwanza, na ugomvi mwingi ninaousikia kati ya msusi na mteja hautokani na bei kuwa kubwa. Unatokana na neno moja: "kuanzia". Msusi anaandika kwenye stetasi "Rasta kuanzia 20,000", mteja anakuja na buku ishirini zake, saa mbili usiku anaambiwa 71,000. Hapo nani mwizi?

Shida inaanzia kwenye neno "ndefu". Kuna urefu wa aina mbili, na orodha nyingi zinauchanganya. Urefu wa kwanza ni wa mtindo ukishakamilika, yaani rasta zinaishia wapi. Huo ndio unaoamua muda wa kusuka na idadi ya pakiti. Wa pili ni urefu wa nywele za mteja mwenyewe, na huo unaamua kazi ya kuosha, kukausha kwa draya na kuchambua. Mtu mwenye nywele fupi anaweza kutaka rasta za kiunoni, na mwenye nywele za kupita mabega akataka za shingoni. Ukiandika "nywele ndefu: ongeza 10,000", wote wawili watabisha, na wote watakuwa na haki.

Mimi nimeandika hivi:

Kusuka rasta za kati (ufundi tu): mabegani 20,000; katikati ya mgongo 25,000; kiunoni 30,000. Urefu unapimwa kwenye mwili wako.
Rasta ndogo: ongeza 10,000 kwa urefu wowote.
Kuosha na kukausha: 5,000, nywele zako zikipita mabega, 8,000.
Kufumua mtindo wa zamani: 5,000.
Rasta: njoo nazo, au 3,000 kwa pakiti. Kiunoni ni pakiti 6.

"Ufundi tu" ni maneno mawili yanayookoa mambo mengi, maana mteja wa mara ya kwanza hudhani rasta zimo ndani ya bei. Na "kwenye mwili wako" nimeyaweka kwa sababu kiuno cha dada mrefu kiko mbali na kiuno cha mfupi. Picha aliyoitoa mtandaoni haipimi chochote.

Sasa tumchukue yule wa 71,000. Anataka rasta ndogo za kiunoni: 30,000 na 10,000. Amekuja na mtindo wa zamani kichwani: 5,000. Nywele zake zinapita mabega, kwa hiyo kuosha na kukausha ni 8,000. Hana rasta, pakiti 6 ni 18,000. Jumla ni ileile, 71,000, ila kila shilingi ina mstari wake, na ameijua kabla hajatoka chumbani kwake. Akiona ni nyingi ana pa kupunguza: afumue mwenyewe usiku na aje ameshaosha na kukausha, inabaki 58,000. Wengi hufanya hivyohivyo, na mimi naokoa muda.

Kupima orodha ni rahisi. Mpe rafiki ambaye hujawahi kumsuka, mwambie apige hesabu ya mtindo anaoutaka. Swali lolote atakalokuuliza ni mstari uliokosekana.

Masharti ya kughairi yanahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu rasta ndogo za kiunoni zinanimalizia siku. Mteja asipotokea, siwezi kupata mwingine saa nne asubuhi. Ndiyo maana naomba kianzio cha 10,000, na naandika wazi kuwa kinakatwa kwenye jumla. Usipoandika, mtu anahisi ni ada ya juu. Akighairi zaidi ya saa 24 kabla, anarudishiwa chote au anahamisha siku. Ndani ya saa 24, kianzio hakirudi. "Ukichelewa utatozwa" haitoshi: kuchelewa ni dakika ngapi? Kwangu ni 30. Zikipita, nasuka rasta za kati badala ya ndogo kwa bei ya kati, au tunapanga siku nyingine na kianzio kinabaki kwangu. Geti la hosteli halimsubiri mtu.

Mstari ambao wasusi wengi wanauruka ni wa upande wao wenyewe. Nikiugua au mtihani ukihamishwa, nikaghairi mimi, narudisha kianzio chote siku hiyohiyo. Na kama nilishanunua rasta za rangi aliyoagiza, basi ni hiari yake kuzichukua kwa bei ya pakiti au kuniachia. Wiki ya mahafali nabadilisha kitu kimoja tu: saa 24 zinakuwa 72, na naiandika tarehe yenyewe juu ya orodha ili asije mtu akasema hakuambiwa.