Bidhaa Ipo, Mteja Yuko Wapi?

Mwaka 1967, mfanyabiashara wa Florida, Marekani, Glenn Turner, alianzisha kampuni ya vipodozi aliyoiita Koscot. Sifa kubwa ya krimu zake ilikuwa mafuta ya minki, mnyama mdogo ambaye manyoya yake hushonewa makoti ya matajiri. Vipodozi vilikuwepo kweli, vina chupa na vina bei. Ila aliyetaka kuwa msimamizi wa mauzo alitakiwa kulipa kwanza dola 2,000, na aliyetaka cheo cha msambazaji alilipa dola 5,000. Msambazaji akimleta mwenzake wa cheo hicho, zaidi ya nusu ya zile 5,000 ziliingia mfukoni mwake.

Nani angehangaika kuuza krimu ya dola chache mlango kwa mlango, wakati kumleta mtu mmoja tu kunalipa kuliko kuuza chupa mamia? Washiriki wa Koscot walielekezwa kuvaa vizuri, kuendesha magari ya kifahari na kuonyesha noti mbele za watu ili wageni mikutanoni waamini kwamba pesa ipo. Mwaka 1975 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliamua kwamba huo ulikuwa upatu. Maelezo yake bado yanatumika hadi leo: ni upatu pale mtu anapolipa ili apate haki ya kuuza bidhaa, pamoja na haki ya kulipwa kwa kuleta watu wengine, malipo yasiyotokana na bidhaa kumfikia mtumiaji.

Watanzania wanaokumbuka DECI wamezoea sura nyingine ya upatu. Kule watu “walipanda mbegu” na kusubiri mavuno. Bidhaa haikuwepo kabisa. Serikali iliingilia kati mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu jijini Dar es Salaam iliwatia hatiani viongozi wake. Aina hiyo ni rahisi kuitambua. Inayowanasa watu makini, walimu na wauguzi wakiwemo, ni ile yenye kopo la dawa lishe mezani, maana anayeulizwa kama ni upatu hulinyanyua kopo na kujibu kuwa hii ni biashara ya bidhaa.

Mfano wa kubuni utaonyesha kinachofichwa na kopo hilo. Kampuni inauza kifurushi cha kuanzia kwa shilingi 600,000. Haiiti fedha hiyo kiingilio. Inasema mtu ananunua bidhaa zake mwenyewe. Kila anayemleta mtu mpya anapewa 150,000, hivyo akileta wanne anarudisha pesa yake yote. Wanne si wengi: dada, shemeji, jirani na mwenzake wa kazini.

Tuchukulie kila mtu amefanikiwa, hakuna mvivu hata mmoja. Wa kwanza analeta 4, hao wanaleta 16, hao 64, na hao 256. Jumla wamekuwa watu 341. Hapo mtaa unakauka, kwa kuwa kila anayepigiwa simu ama ameshajiunga ama amewaona walioumia. Wale 85 wa juu wamepata 600,000 kila mmoja, yaani wamerudisha walichotoa na hawajapata faida. Wale 256 wa chini, watatu katika kila wanne, wamebaki na makopo. Na kampuni? Ikishalipa bonasi zote, imebakiwa na shilingi 153,600,000, kiasi kilekile walicholipa wale 256. Haikuhitaji kumdanganya mtu kuhusu bonasi. Ililipa kila senti iliyoahidi.

Ndiyo maana ushuhuda wa kwenye semina hauthibitishi kitu. Anayesimama kusema amelipwa huenda anasema kweli. Swali linalomfaa ni kama fedha hiyo ilitoka kwa mteja aliyenunua kopo kwa sababu analitaka, au kwa mtu aliyenunua kopo kwa sababu anataka kulipwa kama yeye.

Uuzaji wa bidhaa za kampuni kwa mkono ni kazi halali na ya zamani. Mama anayechukua vyombo vya plastiki au manukato kwa bei ya jumla ya 7,000 na kuyauza ofisini kwa 10,000 anajua faida yake iko wapi. Asipopata mteja, hasara yake ni ya mzigo mmoja. Akichukua kwa mali kauli, anarudisha kilichobaki. Inawezekana pia kampuni ikampa kamisheni ndogo kwa mauzo ya watu aliowafundisha, na hilo peke yake haliifanyi kuwa upatu.

Mpaka kati ya hizo mbili ulichorwa vizuri katika kesi ya Amway mwaka 1979. Tume ileile iliyoikamata Koscot iliamua kwamba Amway haikuwa upatu, ingawa nayo ililipa watu kupitia mauzo ya waliokuja chini yao. Hakukuwa na malipo ya kumsajili mtu tu. Zaidi ya hapo, msambazaji alitakiwa awe ameuza angalau asilimia 70 ya mzigo kabla ya kuagiza mwingine, awe na wateja wa rejareja wasiopungua 10 kila mwezi, na aliyetaka kuacha alirudishiwa fedha kwa bidhaa ambazo hazijauzwa. Masharti hayo matatu yanazuia jambo moja: makopo kurundikana chini ya kitanda cha mshiriki huku mauzo yakihesabiwa kana kwamba yamefanyika.

Lakini sharti lililoandikwa kwenye karatasi si lazima litekelezwe. Mwaka 2016 Herbalife ilikubali kulipa dola milioni 200 katika makubaliano na Tume hiyo. Makubaliano hayakuiita upatu, ila yaliilazimisha kubadili namna ya kulipa, ili angalau theluthi mbili ya malipo ya wasambazaji itokane na mauzo ya rejareja yenye kumbukumbu. Kampuni kubwa ya namna hiyo ilibidi ilazimishwe kuonyesha kopo limeishia kwa nani.

Kwa msomaji wa Dar au Mbeya, cheti cha BRELA kilichowekwa fremu ukutani hakimalizi maswali. Kinaonyesha kampuni imesajiliwa. Hakisemi inawalipaje watu. Kanuni ya Adhabu inafanya kuendesha upatu kuwa kosa la jinai, awe mwendeshaji ana cheti au hana. Ishara nyingine ya kuangaliwa ni ununuzi wa lazima kila mwezi ili mtu “abaki hai” kwenye mfumo. Hicho ni kiingilio kinacholipwa kwa awamu. Pia bidhaa ilinganishwe na inayofanana nayo kwenye duka la dawa. Ikiwa ni ghali mara tano na hakuna anayeinunua isipokuwa wanachama, mteja wake ni usajili.

Anayealikwa leo na asiyetaka kumvunjia heshima shemeji yake anaweza kwenda, lakini aache fedha nyumbani na aombe jambo moja: auziwe kopo moja kwa bei ya jumla, bila kifurushi, bila kusajili mtu, na kwa risiti inayomruhusu kulirudisha ndani ya mwezi. Kampuni inayoishi kwa mauzo itamuuzia, au itamweleza bei yake ya jumla inaanzia mzigo gani. Akijibiwa kwamba hajaielewa fursa, aage na kuondoka.