VPC Mbili, Jina Moja

Kwa anayejua AWS pekee, nusu ya kamusi ni rahisi. Kompyuta ya kukodi iitwayo EC2, kwa Azure ni Virtual Machines, kwa Google Cloud ni Compute Engine. Ghala la mafaili la S3 ni Blob Storage kule na Cloud Storage huku. Hapo hupotei.

Utapotea kwenye mtandao. AWS na Google wote wanauita VPC, na hapo ndipo penye mtego. VPC ya AWS haivuki kanda moja, na kila sabneti, yaani kipande cha anwani zake, hukaa ndani ya zoni moja tu. VNet ya Azure nayo ni ya kanda moja, ila sabneti yake hufika zoni zote za kanda hiyo. VPC ya Google huenea dunia nzima. Sabneti ndiyo yenye kanda.

Chukua duka la mtandaoni lenye seva Afrika Kusini na London. Kwa AWS utaunda VPC mbili, af-south-1 na eu-west-2, kisha uziunganishe kwa VPC Peering. Ukizipa zote 10.0.0.0/16, muungano hautakubali, maana anwani zinagongana. Kwa Google inatosha VPC moja yenye sabneti africa-south1 na europe-west2. Njia kati yake hujitengeneza. Aliyezoea AWS huunda mbili, akajiongezea kazi bure.

Seva hizo zisipowasiliana, anza na fayawoli: VPC uliyoiunda mwenyewe huzuia kila kinachoingia mpaka uruhusu.