Sura ya Saba: Kuitoa Voisi kwenye Opus na Kuiweka kwenye WAV

Sura hii nimeiandika kwa sababu ya ushauri mbaya unaozunguka kila penye studio ndogo na kijana mwenye kompyuta, kuanzia Tunduma hadi Vwawa. Ushauri wa kwanza unasema voisi ya WhatsApp ikikataa kufunguka kwenye programu ya kuhariri, badilisha herufi za mwisho za jina la faili kutoka `.opus` kuwa `.wav`. Wa pili unasema ukishaipata WAV, sauti inakuwa safi kuliko ilivyokuwa. Yote mawili ni uongo. Wa kwanza hupoteza muda tu. Wa pili ni mbaya zaidi, maana humfanya mtu afute faili halisi akidhani amebaki na kitu bora.

Nitafuata mpangilio wa mambo matatu: faili lenyewe, kazi ya kubadili, na ubora wa kinachotoka. Mfano utakuwa mmoja. Mwalimu wa kwaya wa Mbozi Mission, kituo kilichoanzishwa na Wamoraviani mwaka 1899, anaandaa video ya kwaya. Mzee mmoja wa ukoo aliyehamia Nakonde, ng'ambo ya mpaka, amemtumia salamu za dakika tatu kwa Kinyiha, na mwalimu anataka zisikike kabla ya wimbo wa kwanza. Faili linaitwa `PTT-20240512-WA0003.opus`. Jina hilo linaeleza kuwa ni ujumbe wa sauti wa tarehe 12 Mei 2024. Programu anayohariria nyimbo inalikataa.

Ndani ya faili

Opus ni kanuni ya kubana sauti iliyochapishwa rasmi Septemba 2012 katika waraka wa viwango vya intaneti uitwao RFC 6716. Imeunganisha teknolojia mbili. Moja ni SILK, iliyotoka Skype na kutengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu anayeongea. Ya pili ni CELT, kutoka kwa watu wa Xiph.Org, nayo inaumudu muziki. Sauti ikishabanwa huwekwa ndani ya chombo kiitwacho Ogg, na hapo ndipo wengi hupotea. Programu nyingi za studio zinafungua Ogg yenye sauti ya aina ya zamani, Vorbis. Kwa hiyo fundi anayejua kwamba programu yake inasoma Ogg hubadilisha jina liwe `.ogg`, likikataa analiita `.wav`, kisha anailaumu kompyuta.

Jina la faili ni lebo. Gunia la mahindi ukilipachika lebo ya kahawa ya Mbozi, mnunuzi atakayelifungua atakuta mahindi. Programu ya kuhariri nayo hufungua: inasoma baiti za mwanzo kabla ya kufanya lolote. Faili la WAV huanza na herufi `RIFF`, na baada ya baiti chache kuna `WAVE`. Faili la voisi huanza na `OggS`, na katika mstari huohuo wa kwanza utaona `OpusHead`. Huhitaji kumwamini mtu kuhusu hili. Fungua nakala ya faili kwa Notepad, usihifadhi chochote, utazame mwanzo wake tu. Kilichobaki kitakuwa takataka za alama, lakini maneno hayo yatasomeka, hata kama jina la nje linasema kitu kingine.

Kuna wanaoilazimisha Audacity ilipokee faili kama data ghafi, na kwa kuwa inakubali, wanadhani wamefaulu. Kinachosikika ni kelele kali kama ya redio iliyopoteza stesheni, nayo inakwisha upesi. Sababu yake ni hesabu. Voisi ya dakika tatu iliyobanwa kwa kilobiti 16 kwa sekunde ina baiti kama 360,000. WAV ya njia moja, yenye sampuli 48,000 za biti 16 kila sekunde, hutumia baiti 96,000 kwa sekunde. Baiti zako zote zinamalizika kabla ya sekunde nne kutimia. Ukiona dakika tatu zimegeuka sekunde tatu na kelele, ujue sauti haijafumuliwa, imesomwa ikiwa bado imebanwa.

Kazi yenyewe

Kazi ya kubadili ni fupi, na inaweza kufanyika kwenye simu ileile iliyopokea voisi, bila kompyuta na bila kutumia bando kupakia faili popote. Tovuti za kubadilisha faili sizipendekezi. Voisi ndogo ya kilobaiti 360 utaipakia kwa urahisi, lakini WAV utakayoipakua ni megabaiti 17 na zaidi, mara 48 ya ile ya mwanzo. Juu ya hayo, umempa mgeni salamu za ukoo bila kumuuliza mwenye sauti.

Kwanza ipate voisi yenyewe. Kwenye simu za Android, faili hizi hukaa ndani ya folda ya `WhatsApp Voice Notes`, zikiwa zimegawanywa kwa mwaka na wiki. Nakili faili ulipeleke kwenye folda ya `Download`. Kisha, ndani ya programu ya Termux, andika amri hizi moja baada ya nyingine:

```
pkg install ffmpeg
termux-setup-storage
cd ~/storage/downloads
ffmpeg -i PTT-20240512-WA0003.opus -c:a pcm_s16le salamu.wav
```

Amri ya mwisho ndiyo inayofanya kazi. Baada ya `-i` linakuja faili la kuingia. `pcm_s16le` inaagiza sauti iandikwe bila kubanwa, kwa biti 16, namna ambayo karibu kila programu ya kuhariri inaisoma. Kwenye kompyuta yenye FFmpeg, mstari huohuo unafanya kazi bila kubadilika. Matoleo mapya ya Audacity yanafungua Opus yenyewe, kwa hiyo mwenye toleo jipya anaweza kufungua voisi na kuitoa kama WAV kutoka humo.

Usipitie MP3 njiani. Nimekutana na mafundi wanaogeuza voisi kuwa MP3 kwanza, kisha MP3 kuwa WAV, kwa kuwa programu waliyoizoea ndivyo inavyotaka. MP3 nayo inatupa sehemu ya sauti, kwa hiyo sauti iliyokwisha kupunguzwa na Opus inapunguzwa tena bila sababu.

FFmpeg ikimaliza, linganisha muda. Voisi ya dakika 3 na sekunde 2 lazima itoe WAV ya dakika 3 na sekunde 2. Ukipata ujumbe `Invalid data found when processing input`, tazama ukubwa wa faili kabla ya kulaumu programu. Mara nyingi nakala ilikatika njiani, au voisi haikuwahi kupakuliwa kikamilifu kwenye simu. Rudi WhatsApp, isikilize hadi mwisho, kisha nakili upya.

Ubora, na ukuta wa kilohezi 8

Sehemu hii niliipangia kurasa chache, lakini hapa ndipo uzushi ulipojazana, na mfano wa mwalimu wetu unaonyesha kila kitu.

FFmpeg ilipokuwa ikisoma voisi ya mzee iliandika `48000 Hz, mono`. Mwalimu akafurahi: nyimbo zake zimerekodiwa kwa sampuli 48,000, na salamu pia ni 48,000, basi zinalingana. Hazilingani. Kifumuzi cha Opus kwa kawaida hutoa sampuli 48,000 kwa sekunde hata kama simu ilirekodi kwa 16,000. Namba hiyo inaeleza namna sauti inavyotolewa. Haisemi ni kiasi gani cha sauti kiliingia.

Kilichoingia utakiona kwa spektrogramu. Fungua `salamu.wav` kwenye Audacity, badilisha mwonekano wa wimbo uwe spektrogramu, na upandishe kipimo hadi kilohezi 20. Kwenye rekodi ya kwaya utaona rangi zikipanda juu kila waimbaji wanapotamka herufi s. Kwenye salamu, rangi zinafika kilohezi 8 na kukatika ghafla kwa mstari ulionyooka, kama zimekatwa kwa rula. Juu yake ni giza tupu kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Voisi hutofautiana kwa simu na kwa toleo la programu, ndiyo maana nasisitiza uangalie faili lako mwenyewe. Lakini ukuta huu wa kilohezi 8 ni wa kawaida sana.

Vyanzo vyake ni viwili. Sauti iliyorekodiwa kwa sampuli 16,000 kwa sekunde haiwezi kubeba mitetemo ya juu ya nusu yake, yaani kilohezi 8. Na SILK, ile sehemu ya Opus inayoshughulikia maongezi kwa biti chache, imejengwa iishie hapohapo. Kwa simu hili ni uamuzi wa busara, maana maneno yanasikika vizuri na bando linabaki. Ila herufi s ina nguvu nyingi kuanzia kilohezi 4 kwenda juu, na sehemu yake inapita 8. Mzee akisema "shukrani sana" unamwelewa bila shaka. Sauti yake ikifuatwa mara moja na kwaya iliyorekodiwa kwa maikrofoni nzuri, s zake zinasikika butu, kana kwamba anaongea nyuma ya pazia.

Hapa ndipo mafundi huanza kupandisha treble. Juu ya kilohezi 8 hakuna chochote cha kupandisha, sifuri ukiizidisha inabaki sifuri. Ukipandisha kati ya 5 na 8, s zitasogea mbele kidogo, lakini pia utasikia mikwaruzo iliyoachwa na ubanaji, ambayo awali ilikuwa imefichika. Kugeuza kuwa biti 24, au kuweka sampuli 96,000, kunaongeza ukubwa wa faili tu. WAV inahifadhi kwa uaminifu kile Opus ilichokibakiza. Haina mahali pa kuokota kilichotupwa Nakonde wakati mzee anarekodi.

Dawa ni kurudi kwenye chanzo ikiwa inawezekana. Mwalimu amwombe kijana wa pale nyumbani afungue kinasa sauti cha kawaida cha simu, achague ubora wa juu, amsogeze mzee mbali na bati na barabara, kisha atume faili kupitia WhatsApp kama dokumenti. Faili lililotumwa hivyo hufika bila kubanwa upya. Likishafika, spektrogramu itaonyesha kama ukuta umeondoka.

Ikiwa mzee hawezi kurudia, au amekwisha kufariki, tumia voisi kama ilivyo. Badala ya kuipandisha salamu, ishushe kidogo treble ya muziki unaopita chini yake, na uache sekunde mbili za ukimya kabla kwaya haijaingia, ili sikio lisilinganishe s za pande mbili. Na faili la `.opus` lihifadhi pamoja na WAV, bila kulibadilisha jina. Ndilo lenye kila kilichobakizwa kwa ujazo mdogo kabisa, na WAV unaweza kuitoa humo tena siku yoyote.